Kutogusa na Usiguse

Neno la kwanza la Kiitaliano kunifikia mwilini lilikuwa "Non toccare!" Ilikuwa mwaka 1994, wiki yangu ya kwanza kuosha vyombo jikoni mwa hoteli moja ya ufukweni Malindi. Trei ilikuwa imetoka tanurini punde tu, nami nikanyoosha mkono kuisogeza ili nipate nafasi ya kuweka sufuria. Mpishi alikuwa upande wa pili wa meza. Alipiga ukelele huo na mkono wangu ukarudi wenyewe, kabla sijajua kilichosemwa.

Malindi Kiitaliano si kigeni. Waitaliano walianza kutuzoea tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti iliyorushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Baadaye zikaja hoteli, maduka ya aiskrimu na mapizeria, na vijana wa mji tukakiokota Kiitaliano kwa masikio. Mimi nilikiokota jikoni. Huko kila kitenzi nilichokisikia kilikuwa amri: "taglia" ni kata, "gira" ni geuza, "metti" ni weka. Ukikosea, unaambiwa "non tagliare", "non girare", "non mettere". Sikujiuliza kwa nini neno linabadilika mwisho wake likikanushwa. Nilitii tu, na kutii kulitosha.

Nasema haya kwa sababu yanaeleza kosa nililolifanya miaka 17 baadaye.

Mwaka 2011 mama mmoja wa Malindi, mwenye kiwanda kidogo cha mikate, alinunua mashine ya kukandia unga iliyotumika, iliyotoka Italia ndani ya kontena kupitia bandari ya Mombasa. Ilikuwa ya aina ambayo Waitaliano huiita "impastatrice a spirale". Bakuli kubwa la chuma linazunguka, na ndani yake chuma kinene kilichopindwa kama msokoto kinazunguka pia, kikilivuta donge na kulikunja. Bakuli lile lilichukua kilo 25 za donge kwa mkupuo mmoja. Juu yake kuna wavu wa chuma. Ukiuinua wavu, kuna swichi ndogo pembeni inayokata umeme, na mota inasimama. Ndiyo kinga kubwa ya mashine nzima, maana nafasi iliyopo kati ya msokoto na ukuta wa bakuli ni ndogo, na donge lina tabia ya kunata vidoleni. Mkono ukishanaswa hauchomoki, unafuata donge linakokwenda.

Mashine ilikuja na kitabu chake, kwa Kiitaliano peke yake. Mama akaniletea. "Mwanangu, wewe waijua lugha yao," akaniambia. "Nitafsirie hizi kurasa za hatari tubandike ukutani, vijana wasome."

Kurasa za hatari zilikuwa mbili, zimeandikwa juu "Avvertenze di sicurezza", yaani maonyo ya usalama. Sentensi ya kwanza ilikuwa "Leggere attentamente il manuale prima dell'uso." Nikafungua kamusi yangu. Kamusi ya Kiitaliano huorodhesha vitenzi kwa umbo hilo hilo la "leggere", "toccare", "aprire", nayo ilinipa "kusoma", "kugusa", "kufungua". Nikaona kila sentensi ya ukurasa ule imeanza kwa umbo la kamusi. Jikoni nilizoea "leggi" au "leggete". Hapa hakuna anayeamrishwa, nikadhani, hapa yametajwa majina ya vitendo tu. Basi, nikitaka uaminifu, nikaweka kitenzi-jina mahali pa kitenzi-jina. Ukurasa wangu ukatoka hivi:

Kusoma kwa makini kitabu kabla ya matumizi.
Kutoingiza mikono katika bakuli wakati wa uendeshaji.
Kutoondoa au kuchezea wavu wa kinga.
Kuondoa mkazo kabla ya kazi yoyote ya usafi.
Kutoosha mashine kwa maji ya kasi, kutumia kitambaa chenye unyevu.

Nilichapisha kwa herufi kubwa, nikaipaka karatasi plastiki, na mama akaibandika juu ya swichi ya ukutani. Alinilipa na kunipa mikate minne. Niliitazama ile karatasi nikafurahi. Ilikuwa na sura ya kiofisi, kama tangazo la serikali.

Haikupita miezi mitatu, kijana mmoja wa Muyeye aliyekuwa akikanda zamu ya usiku akanaswa mkono. Vidole viwili vilivunjika. Vilipona, ila kidole cha mwisho hakikunjiki hadi leo. Nilipofika kiwandani asubuhi yake niliiona ile swichi ndogo ya pembeni: ilikuwa imefungwa kwa kipande cha waya wa fensi ili mashine izunguke wavu ukiwa juu. Walifanya hivyo ili waweze kukwangua donge lililoganda ukingoni bila kuisimamisha mashine. Waya ule ndio uliovivunja vidole, sitaki kudai kwamba sarufi peke yake ilivunja mifupa. Lakini karatasi yangu ilikuwa ukutani pale pale, nusu mita kutoka kwenye waya, na ndani yake mlikuwa na sentensi iliyopaswa kuukataza waya ule.

Nikamwita kijana mwenzake, aliyemaliza kidato cha nne na anasoma vizuri. Nikamwomba anisomee mstari wa tatu. Akasoma, "Kutoondoa au kuchezea wavu wa kinga."

"Inakuambia nini?"

"Inahusu wavu," akasema. "Kama yale yaliyomo kwenye kitabu. Kusoma, kutoingiza, kutoondoa. Mimi nilijua ni vichwa vya habari, na maelezo yenyewe yako ndani ya kitabu."

Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amesoma Kiswahili kama kinavyosomwa. Kitenzi-jina kwetu ni jina. "Kuvuta sigara kunadhuru" ni habari kuhusu kitendo. "Kulima" kikiwa peke yake juu ya ukurasa ni kichwa cha sura. Hakuna Mswahili anayemwambia mwanawe "kutocheza na moto". Anamwambia "usicheze na moto". Mpishi yule wa mwaka 1994 angenipigia kelele ya "kutogusa!", ningekuwa na alama ya trei kiganjani hadi sasa.

Nilikwenda kwa sinyora mmoja mzee aliyekuwa amefundisha shule kwao kabla ya kustaafu na kuhamia Malindi. Nikamwekea kitabu na karatasi yangu mezani, nikamweleza yaliyotokea. Akachukua penseli akanichorea mistari miwili, na mistari ile miwili ndiyo elimu yote niliyoikosa.

Mstari wa juu ulikuwa wa kuamuru bila kukanusha. Ukimwambia rafiki aguse, ni "tocca". Ukimwambia mtu wa kuheshimiwa, ni "tocchi". Ukiwaambia wengi, ni "toccate". Na ukiandika kwenye mlango au kitabu, usipojua nani atasoma, ni "toccare". Maumbo manne, kila moja na mtu wake. Mstari wa chini ulikuwa wa kukanusha: "non toccare", "non tocchi", "non toccate", na mwisho tena "non toccare". Akapigia mstari la kwanza na la mwisho. Yanafanana. Katika Kiitaliano, unapomkataza rafiki yako mmoja, unatumia kitenzi-jina chenyewe. Kwa hiyo ukelele ule wa jikoni na sentensi ile ya kitabuni ni maneno yale yale, herufi kwa herufi.

Akanieleza sababu ya kitabu kuchagua umbo hilo. Mwandishi wa Kiitaliano akianza kuamuru, lugha inamlazimisha achague: amwite msomaji kama rafiki au amwite kwa heshima? Akimwita "tu" huenda akamkera, akimwita "Lei" sentensi inakuwa nzito, akimwita "voi" inasikika kama anahutubia umati. Kitenzi-jina kinamwondolea shida hiyo. Hakimtaji mtu, lakini kila Mwitaliano aliyekuzwa na lugha hiyo anakisoma kama amri. Mlangoni panaandikwa "spingere", sukuma, na hakuna anayesimama akidhani ni somo la kusukuma. Nguvu ya amri imo ndani ya umbo kwa mazoea yao. Mimi nilihamisha umbo nikaiacha nguvu Italia.

Sasa tazama Kiswahili. Kamusi zetu huorodhesha vitenzi kwa shina: soma, gusa, fungua. Shina hilo ndilo amri yenyewe ya mtu mmoja. Mwitaliano akifungua kamusi anakutana na jina la kitendo, sisi tukifungua yetu tunakutana na amri. Na lile tatizo la rafiki na mheshimiwa, lililowafanya Waitaliano wakimbilie kitenzi-jina, kwetu halimo ndani ya kitenzi. Heshima ya pwani inabebwa na shikamoo, na mzee, na mama, na bwana, na sauti unayoisema nayo. Mtoto anamwambia nyanya yake "usikanyage hapo bibi, pana utelezi", na nyanya anashukuru. "Usi-" haimvunjii mtu heshima. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "kutokanyaga" kwa kuogopa kuwa mkali anakwepa tatizo ambalo lugha yake haina.

Mahali ambapo Kiswahili nacho kinachanganya jina na amri ni kwenye vitenzi vifupi. "Kula" ni jina, na ni amri pia. "Kunywa" vivyo hivyo. Ukiandika "Kunywa maji mengi", msomaji anaweza kuisoma kote kuwili. Kwa hiyo Waitaliano maumbo yao hugongana kwenye kukataza, yetu hugongana kwenye kuamuru, tena kwa vitenzi vichache. Kwenye kukataza sisi tuko wazi kabisa: "kutokula" na "usile" haziwezi kuchanganywa hata gizani. Lugha imetupa silaha kali pale pale penye hatari, nami niliiacha alani.

Lakini kosa la umbo halikuwa peke yake. Nilipokaa tena na ule mstari wa tatu niliona jambo baya zaidi, na hili nimeliona baadaye katika tafsiri za watu wengi waliosoma kuliko mimi. Kiitaliano kilisema "Non rimuovere o manomettere la griglia di protezione." Hapo "non" ni neno linalosimama mbele, na linavifunika vitenzi vyote viwili vinavyofuata, kama mwavuli. Kiswahili changu kilisema "Kutoondoa au kuchezea wavu." Ile "-to-" haisimami mbele, imejificha ndani ya kitenzi cha kwanza na haitoki humo. Kitenzi cha pili kimebaki mvuani. Ukiisoma kwa ukali wa sarufi, karatasi ile iliwaambia vijana mambo mawili: kutoondoa wavu, au kuuchezea. Nao wavu hawakuuondoa. Walifunga waya kwenye swichi yake.

Ukibadilisha mwanzo peke yake ukaandika "Usiondoe au kuchezea wavu", hujapona bado. Ni mazoea yetu kwamba vitenzi vikifuatana, cha kwanza kinabeba kila kitu na cha pili kinaanza kwa "ku-", na katika hadithi hilo ni sawa, hata linapendeza. Katika onyo ni mtego. Msomaji hawezi kujua kama kukataza kumeendelea au kumekoma. Mfano mzuri ni mstari wa tano: "Non lavare la macchina con getti d'acqua, utilizzare un panno umido." Mwitaliano anajua kwamba kukataza kunakoma kwenye mkato, na baada ya mkato anaelekezwa cha kufanya. Sasa uweke kwa mazoea yetu: "Usioshe mashine kwa mpira wa maji na kutumia kitambaa." Kitambaa nacho kimekatazwa! "Ku-" ile ile, mahali pamoja inapaswa kuwa katazo na mahali pengine ruhusa.

Dawa yake ni kuondoa "ku-" zote na kukipa kila kitenzi kichwa chake. Kinachokatazwa kianze kwa "usi-", hata kama ni mara tatu mfululizo, na kinachoagizwa kisimame kwenye sentensi yake mwenyewe. "Usiondoe wavu wala usichezee swichi yake." "Usioshe mashine kwa mpira wa maji. Ifute kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa." Kiitaliano kimesema "panno umido" tu, kitambaa chenye unyevu. Lakini kijana wa kiwandani akiambiwa unyevu atachovya kitambaa ndooni na kukipeleka kikichuruzika hadi kwenye mota, kwa hiyo nikaongeza kukamua. Nalihesabu hilo kuwa uaminifu, si kuongeza chumvi. Na nikaitaja swichi, kwa sababu "manomettere" ni zaidi ya kuchezea. Ni kukiharibu au kukidanganya kifaa ili kisifanye kazi yake. Baada ya yale niliyoyaona, niliandika mstari wa ziada chini yake: "Usiifunge kwa waya, usiizibe kwa chochote."

Mstari wa nne niliufuta wote. "Togliere tensione" nilikuwa nimeandika "kuondoa mkazo", maana kamusi ilinipa "mkazo". Kumbe "tensione" hapo ni umeme, na maana yake ni kata umeme. Mashine ile ina mkanda ndani unaozungushwa na mota. Fundi mwangalifu angeweza kulegeza ule mkanda, akaridhika kwamba ameondoa mkazo, kisha akatia mkono umeme ukiwa unapita. Sasa unasema: "Chomoa plagi kwanza, ndipo usafishe." Kiitaliano kimeanza na kukata umeme, kikamalizia na "kabla ya kazi yoyote". Nilifuata mpangilio huo kwa sababu mkono unafuata mpangilio wa maneno. Ukianza na "kabla ya kusafisha", kuna mtu ambaye tayari ameshika kitambaa.

Hadi hapo mtu angesema: basi kanuni ni nyepesi, kila kitenzi-jina cha Kiitaliano kiwe "usi-" au shina. Si hivyo. Kitabu kile kina sentensi ambazo kwa makusudi hazimwelekei anayekanda. "L'installazione deve essere eseguita da personale qualificato", kwa mfano, inasema kufungwa kwa mashine lazima kufanywe na watu waliohitimu. Ukimwambia mwokaji "funga mashine", umempa kazi isiyo yake. Hapo Kiswahili kina umbo lake zuri lisilomtaja mtu: "Mashine ifungwe na fundi umeme aliyehitimu." Na la kukataza lipo: "Mashine isioshwe kwa mpira", "mlango usifunguliwe". Huyu ndiye ndugu wa kweli wa kitenzi-jina cha Kiitaliano. Hamtaji yeyote na bado ni amri. Laiti ningeliona hilo mwaka 2011, hata ung'ang'anizi wangu wa kutomtaja mtu usingemdhuru mtu.

Hata hivyo umbo hilo nalo lina shimo, nalo limefichwa na ngeli. Kitabu kilisema waya wa umeme usikutane na sehemu zenye joto. Nikaandika kwa furaha, "Waya usiguse sehemu yenye joto." Kwangu ilikuwa wazi: waya ndio usiguse. Nilipomsomea mama akanitazama. "Nisiguse waya, ama nisiguse pale penye joto?" Aliona sawasawa. "Waya" huchukua "u-", na "wewe" huchukua "u-" pia, kwa hiyo "usiguse" ya waya na "usiguse" ya mtu ni neno moja. Ingekuwa kamba ingekuwa "isiguse" na swali lisingekuwapo. Vivyo hivyo mkono, mlango, mkanda, wavu: vyote vinaanguka katika shimo hilo, na bahati mbaya ndivyo vitu vinavyotajwa zaidi katika maonyo ya mashine. Tulimaliza kwa kuandika: "Weka waya mbali na sehemu yenye joto."

Ndivyo karatasi ya pili ilivyotengenezwa, jioni mbili, mezani kwa mama, unga ukiwa juu ya kila kitu. Nilikuwa nasoma sentensi moja kwa sauti, bila kueleza, kisha nauliza swali moja tu: "Utafanya nini?" Sikuuliza kama wameelewa. Ukimwuliza mtu kama ameelewa atasema ndiyo, kwa adabu. Nilitazama mikono yao. Niliposoma kwa majaribio "Kutoingiza mikono katika bakuli wakati wa uendeshaji", walisubiri niendelee, kana kwamba sentensi haijaisha. Mmoja akauliza kama uendeshaji ni wa gari. Niliposoma "Usitie mkono kwenye bakuli mashine inapozunguka", kijana wa Muyeye, aliyekuwa bado amefungwa bendeji, aliuvuta mkono wake mzima akauweka kwenye paja.

Niligundua pia kwamba "mikono" ya Kiitaliano, kwa wingi, kwetu ni afadhali iwe "mkono". Mtu anayekwangua donge hutia mmoja tu, na anaweza kujiambia kwamba amekatazwa kutia yote miwili. Huenda hilo ni woga wangu. Lakini niliona jinsi walivyofunga ile swichi, na najua mtu mwenye haraka saa tisa usiku husoma sheria akitafuta mlango wa kutokea.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaanza kuitwa kutafsiri vitabu vya mashine, nilibishana na mhariri wa kampuni moja ya Nairobi. Alinirudishia kazi yangu akiwa amebadilisha kila "usi-" kuwa "tafadhali usi-", na "ni marufuku" kuwa "haishauriwi". Alisema lugha yangu ni kali na wateja wataona wanafokewa. Nilimwandikia barua ndefu. Nilimweleza kwamba kitabu cha Kiitaliano chenyewe kinapanga ukali kwa ngazi. Kikisema "si consiglia di", kinashauri, na hapo nimeandika "inashauriwa". Kikisema kitenzi-jina kitupu, kinaamuru, na hapo nimeamuru. Kikisema "è vietato", kinapiga marufuku, na hapo nimeandika "ni marufuku". Kadhalika vichwa vya visanduku: "Pericolo" ni hatari ya kifo au jeraha baya ikiwa hutatii, "Avvertenza" ni onyo kwamba hilo linaweza kutokea, na "Attenzione" mara nyingi huwekwa kwa jeraha dogo. Nimevifasiri Hatari, Onyo na Tahadhari kwa mpangilio huo huo, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kubadilishana hata mara moja kwa ajili ya kupendezesha. Ukizilainisha ngazi zote zikawa sawa, msomaji hawezi tena kujua lipi la kumuua na lipi la kuharibu rangi ya mashine. Na "tafadhali" ni neno la ombi, ombi linaweza kukataliwa.

Alikubali nusu. "Tafadhali" zikatoka, "haishauriwi" moja ikabaki mahali nisipotaka, nami nikaomba jina langu lisiwekwe. Bado naona nilifanya sawa.

Nilimwomba pia jambo moja ambalo Umoja wa Ulaya ulilidai kwa mashine zilizouzwa huko. Sheria yao ya mashine ya mwaka 2006, yenye nambari 2006/42/CE, ilitaka kitabu cha lugha aliyoandikia mtengenezaji kibebe maneno "Istruzioni originali", maelekezo asilia, na kilichofasiriwa kibebe "Traduzione delle istruzioni originali", tena kiambatane na kile cha asili. Sheria hiyo haifiki kwetu. Lakini ni desturi inayofaa kuigwa, kwa sababu inamwambia fundi ukweli: unachosoma ni kazi ya mtu mwingine, na ukiona mashaka, asili yake hii hapa. Ile karatasi yangu ya mwaka 2011 haikumwambia mtu lolote. Kitabu cha Kiitaliano kilikuwa kwenye droo ya mama, na mimi, mtu pekee aliyeweza kuvilinganisha, nilikuwa nimeshalipwa na kuondoka.

Kijana wa Muyeye anafanya kazi ya tuktuk sasa. Tukikutana ananiita mwalimu, nami humwuliza kidole.

Kama una mashine kazini kwako na karatasi ya maonyo ukutani, iwe imetoka Kiitaliano au lugha nyingine yoyote, kaisome leo kwa sauti. Ukikuta mstari unaanza kwa "kuto-", uliza maana yake iliyokusudiwa, chukua kalamu, ukate, uandike "usi-". Kisha utazame kitenzi cha pili kwenye mstari huo. Kama kinaanza kwa "ku-", mwulize anayetumia mashine anadhani ameruhusiwa au amekatazwa, na usiondoke pale kabla hajakujibu.